Kwa Nini Karama Hakukana: Barua ya Babu Kuhusu Kusadikika

Mjukuu wangu,

Barua yako imefika, na salamu zako nimezifikisha kwa bibi yako. Anasema nikujibu upesi kwa kuwa wewe si mtu wa subira. Lakini uliloniuliza si jambo la kujibiwa kwenye simu, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Unasema umekisoma Kusadikika ukafika nusu, ukakiweka. Unasema watu wa mle ndani si watu, ni tabia zilizovishwa kanzu, na kwamba mtu akishaitwa Majivuno hakuna haja ya kusubiri uone atafanya nini. Unasema pia kisa kinajirudia: mjumbe anatumwa, anataabika, anarudi, anafungwa, halafu mwingine anatumwa, anataabika, anarudi, anafungwa. Ukamaliza kwa swali ambalo limenifurahisha kuliko malalamiko yote hayo. Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme, maisha yake yamo hatarini, kwa nini asijibu shtaka lake? Kwa nini anashika kusimulia habari za watu wengine?

Nimekisoma kitabu hiki tangu utotoni, na baadaye nimeketi miaka mingi mahakamani nikiandika mienendo ya kesi. Naona swali lako ndilo mlango wa kitabu chenyewe, na anayepita mlango huo haoni tena kwamba kisa kinajirudia.

Nivumilie nikipange kisa kwa mfuatano wangu. Kusadikika ni nchi iliyo angani, nchi ya kufikirika tu. Ina mfalme, ina baraza la wakubwa, ina mila zake. Shaaban Robert alikichapisha kitabu mwaka 1951 kwa kampuni ya Nelson ya London. Kinaanza na kesi. Waziri Majivuno anasimama na kumshtaki Karama, na kosa lenyewe si wizi wala kuua. Kosa la Karama ni kufundisha watu elimu ya sheria. Kwa maneno ya mshtaki hilo ni jambo la hatari kwa nchi, nalo linastahili adhabu kubwa kuliko zote. Mfalme anakubali mshtakiwa asikilizwe, na Karama anajitetea kwa siku sita.

Siku sita hizo anazungumza habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hawa walitumwa na Kusadikika yenyewe. Wanne walikwenda pande nne za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja alipata mashaka ya njiani, akaona jinsi wengine wanavyoendesha mambo yao, akarudi kutoa habari. Kila mmoja aliambulia kifungo.

Sasa tuje kwenye swali lako. Mtu akisomewa shtaka ana njia tatu. Anaweza kukana kwamba alifanya tendo lile, na hapo mshtaki atalazimika kulithibitisha. Anaweza kukiri na kuomba apunguziwe adhabu. Njia ya tatu ni ngumu, na katika kazi yangu sikuona wengi wakiipita: anakubali kwamba alifanya, kisha anasimama kupinga kwamba jambo lile ni kosa. Njia ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa Karama, maana kweli alifundisha, na waliofundishwa wapo. Ya pili ingemwokoa yeye peke yake, na elimu aliyoitetea ingebaki na doa milele. Akaishika ya tatu.

Mwenye kuishika njia hiyo hawezi kuishia kusema kwamba sheria ni kitu kizuri, maana hata Majivuno angeweza kujibu kwamba nchi imeishi salama bila hiyo. Inambidi aonyeshe madhara yaliyopatikana kwa kukosekana kwa kitu kile alichokifundisha. Hapo ndipo wajumbe wanapoingia. Wale sita walifungwa katika nchi ambayo hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kusimama na kuuliza: wamevunja sheria ipi? Nani aliiandika? Walipewa nafasi ya kusema? Kila kisa anachosimulia Karama ni kielelezo katika kesi yake mwenyewe. Kwa jinsi ninavyomsoma mimi, anamwambia mfalme kwamba laiti elimu hii ingekuwapo nchini mapema, watu sita wasingekuwa gerezani leo.

Tazama pia ushahidi wake umetoka wapi. Mashahidi wake wote wamefungwa, hawezi kuwaleta barazani. Kwa hiyo anatumia yale ambayo baraza lenyewe linayajua. Ninyi ndio mliowatuma, ninyi ndio mliowapokea, ninyi ndio mliowafunga. Hakimu anaweza kumkatalia shahidi, lakini ni vigumu kukataa tendo lililofanywa kwa amri iliyopita mikononi mwake. Niliposoma kitabu tena nikiwa karani, ndipo nilipouona ujanja huo, nikamheshimu mwandishi upya.

Na hapo ndipo malalamiko yako kuhusu kujirudia yanapopata jibu. Umekiweka kitabu baada ya mjumbe wa tatu. Mjumbe mmoja akifungwa, baraza litasema alikuwa na kasoro zake. Wa pili akifungwa, watasema ni bahati mbaya. Wa tatu watatafuta sababu nyingine. Lakini Karama hasimami hapo. Anakwenda wa nne, wa tano, wa sita, mpaka sababu za kuwahusu wajumbe zinakwisha na kinachobaki ni waliowafunga. Shaaban angeweza kuandika mjumbe mmoja akampamba vizuri, na wewe ungefurahi zaidi. Kesi, hata hivyo, ingeshindwa.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu kabla sijajua jina lake. Nilikuwa mtoto Pangani katika miaka ya 1950, nimeanza kusoma vizuri. Marehemu baba yangu alijua herufi za Kiarabu tu, hizi tunazoandikia leo hazikuwa zake. Akapata nakala ya Kusadikika kwa mtu wa ofisini, akaniamuru nimsomee jioni barazani. Majirani wakaja, maana taa ya karabai ilikuwa kwetu, na kitabu kiliandikwa na mtu waliyemjua: Shaaban Robert alikuwa amekaa mji ule ule miaka mingi akiwa karani wa forodha. Nilisoma polepole, nikikwama kwenye sentensi zake ndefu, na baba alinirudisha nyuma kila nilipoharakisha.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mzee mmoja mvuvi aliyewahi kutozwa faini kwa kosa ambalo hakulielewa mpaka alipokwisha kulipa. Mjumbe wa kwanza alipofungwa, wazee walimsikitikia. Wa pili alipofungwa, mmoja alisema huyu hakujua kuzungumza na wakubwa. Nilipoanza habari za wa tatu, yule mvuvi alisema, kabla sijafika popote, kwamba huyu naye watamfunga. Watu wakacheka. Jioni ya mjumbe wa nne hakucheka mtu. Ilipofika ya tano, mabishano hayakuwa tena juu ya tabia za wajumbe, yalihamia kwa waliowatuma: kwa nini wamtume mtu ikiwa hawataki kusikia? Hakuna aliyewafundisha kusoma hivyo. Mwandishi aliwaongoza kwa kurudia kule kule kulikokuchosha wewe.

Utaniuliza kwa nini sheria, kwa nini Karama asingeshtakiwa kwa kufundisha kilimo au uganga. Ili ulione hilo lazima uijue Tanganyika ya wakati ule, ambayo vitabu vyenu vya shule vinaipita kwa haraka.

Waingereza walitawala kwa kupitia wenyeji wenye vyeo. Tangu mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, mfumo huo uliwekwa kisheria, na sisi wa pwani tuliuona kwa maliwali na maakida. Mwenye cheo alisimamia kodi, alitoa amri za sehemu yake, na mara nyingi alikuwa yeye yeye anayekaa barazani kuhukumu waliozivunja. Wakili hakuruhusiwa kumsimamia mtu katika mahakama hizo za wenyeji. Mtu wa kawaida aliingia peke yake, akajibu peke yake, na kama hakujua aulize nini, hapakuwa na wa kumuulizia. Hata baada ya uhuru, zilipokuja Mahakama za Mwanzo ambako nilifanya kazi, mawakili waliendelea kuzuiwa kwa miaka mingi, ingawa hakimu alikuwa sasa ni mtu wa mahakama na si mkusanya kodi.

Na hapakuwa na mahali pa kujifunza. Mwaka 1951 Afrika Mashariki yote haikuwa na chuo kinachotoa shahada ya sheria. Aliyetaka kuwa wakili alivuka bahari, na wa kumgharamia walikuwa wachache mno. Katika hali hiyo, mtu anayewafundisha watu wa kawaida kujua haki zao si mwalimu wa somo moja miongoni mwa masomo mengi. Anagusa kiti cha yule anayekamata na kuhukumu kwa wakati mmoja. Majivuno analifahamu hilo vizuri, ndiyo maana anataka adhabu ya mwisho.

Kuna jambo ambalo hunigusa kila ninapolikumbuka. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wetu, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na kitivo cha kwanza kabisa kilikuwa cha sheria. Wanafunzi walikuwa wachache sana. Nchi iliyokuwa inahitaji madaktari, wahandisi na walimu ilianza na somo lile lile alilofundisha Karama. Sina ushahidi kwamba waliopanga chuo kile walikuwa wanakifikiria kitabu hiki, wala sidai hivyo. Nasema tu kwamba Shaaban Robert, karani asiyekuwa na shahada yoyote, aliliona pengo miaka kumi kabla. Naye aliiona siku hiyo ikifika, maana alifariki Juni 1962.

Kuhusu majina, nakuelewa. Mtu wa siku hizi anataka Majivuno awe na mke, awe na deni, awe na siku ambayo amemhurumia mtu. Lakini mfikirie aliyeandika. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga. Akasoma Dar es Salaam, na tangu mwaka 1926 alikuwa mtumishi wa serikali: forodha Pangani mpaka 1944, kisha idara ya wanyama, kisha ofisi ya mkuu wa jimbo Tanga, na mwisho idara ya upimaji ardhi. Kitabu kilipotoka alikuwa anakaa ofisini kwa mkuu wa jimbo, akila mshahara wa serikali ya kikoloni. Miaka miwili baadaye serikali ilitoa waraka wa kuwazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Hiyo ndiyo hewa aliyoivuta.

Mtu wa namna hiyo angeandika habari za waziri mwenye jina la mtu na nyumba kwenye mtaa unaojulikana, angeulizwa kesho yake asubuhi ni nani aliyemkusudia. Akiandika habari za nchi iliyo angani na waziri aitwaye Majivuno, basi atakayekuja kulalamika lazima kwanza akubali kwamba jina hilo ni lake. Kwa hiyo tabia zilizovishwa kanzu zilikuwa na kazi. Zilikipitisha kitabu kwenye meza za watu ambao wangekizuia, kikafika shuleni, kikasomwa na watoto kama mimi kwa idhini ya serikali ile ile. Yeye hakusema Kusadikika ni Tanganyika, nami sitamsemea. Aliwaachia wasomaji, na wale wazee wa Pangani hawakuhitaji kuambiwa.

Hebu sasa ukiweke kitabu kando kidogo, nikueleze kilichotokea nchini mwaka ule ule kilipochapishwa. Huko Meru, kaskazini, serikali iliamua kuwaondoa wananchi Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Novemba 1951 nyumba zilichomwa na watu wakahamishwa kwa nguvu, wapatao elfu tatu. Wameru walichanga fedha na kuamua kutuma mjumbe. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo palikuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa anafanya kazi Moshi, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza yaliyowapata watu wake.

Soma habari hiyo ukiwa na Kusadikika mkononi. Mjumbe yumo, safari ya mbali imo, taabu imo. Na mjua sheria yumo. Seaton ndiye aliyejua malalamiko yaandikwe vipi, yapelekwe kwa nani, yasemwe kwa utaratibu gani ili yasitupwe nje mlangoni. Bila yeye na wenzake, machungu ya Wameru yangeweza kubaki machungu tu. Hilo ndilo Karama alilokuwa analitetea siku sita, na wala halikuwa jambo la angani.

Lakini habari ya Meru inaonyesha pia mahali ambapo mimi na Shaaban Robert tunaachana. Katika Kusadikika, mfalme anasikiliza mpaka mwisho na moyo wake unageuka. Karama anaachiwa, wajumbe wanatolewa gerezani, na mashauri waliyoleta yanakubaliwa. Huko New York, pendekezo la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata kura za kutosha, na Japhet alirudi nyumbani bila ardhi. Alizunguka nchini akieleza aliyoyaona, na watu wengi wakaamka kwa habari zake, lakini haki iliyotafutwa haikupatikana kwa kuwa wakubwa walisikiliza hoja nzuri. Ilibidi watu wajipange, wajenge chama, waudai utawala wenyewe.

Kwa hiyo unaposema mwisho wa kitabu ni mtamu kupita kiasi, nakuunga mkono. Kila kitu kinaning'inia kwenye wema wa mtu mmoja. Kama mfalme yule angekuwa na kichwa cha Majivuno, hoja zote sita zingekufa siku ya saba. Shaaban aliamini mno kwamba mtawala akiambiwa ukweli kwa adabu ataufuata. Nafikiri aliamini hivyo kwa dhati, hakuwa anajipendekeza, lakini ni upungufu, na msomaji mzima anapaswa kuuona. Upungufu mwingine wewe umeuona kabla yangu: wajumbe wote ni wanaume, na wanaowapokea na kuwafunga barazani ni wanaume. Bibi yako aliwahi kuniuliza mke wa Buruhani alikula nini miaka yote mumewe alipokuwa ndani. Kitabu hakimjibu.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu ya jambo uliloligusa mwishoni mwa barua yako kana kwamba si kitu. Umesema ulitumwa kukagua visima vya mradi vijijini, ukakuta vingi havitoi maji ingawa kwenye makaratasi vinafanya kazi. Ukaandika ripoti, na mkubwa wako akakwambia uilainishe. Ulipokataa, ukahamishiwa kwenye kazi ya kupanga majalada. Umeandika hayo kwa mistari miwili, kisha ukarudi kulalamikia kitabu. Mjukuu wangu, umelalamikia kitabu ambacho wewe mwenyewe umo ndani yake.

Nikuonyeshe kitu kimoja cha kutazama utakapokishika tena. Angalia wajumbe wanapopokewa wanaulizwa nini. Anayetaka kujua kama habari ni ya kweli huuliza umeiona wapi, lini, nani mwingine aliiona, tukaipime vipi. Asiyetaka kuijua humwacha habari na kumgeukia mleta habari: nani alikuruhusu kusema hivi, unadhani wewe ni nani, umetumwa na nani dhidi yetu. Katika Kusadikika habari zenyewe hazipimwi, wanapimwa wajumbe. Nimeiona alama hiyo katika majalada mengi ya kesi. Maswali yakishahama kutoka kwenye jambo kwenda kwa mtu, basi jambo lenyewe aghalabu ni la kweli na linajulikana. Kumbuka uliulizwa nini siku ile ofisini kuhusu visima. Je, kuna aliyekuomba orodha ya vijiji ili akavione mwenyewe?

Kama hakuna, basi fuata alivyofanya Karama, usifanye walivyofanya wajumbe. Wao walisema ukweli wakiwa peke yao, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alimezwa peke yake. Karama aliyakusanya yote sita, akayapanga, akayasema mahali pamoja, kwa utaratibu, mbele ya mwenye mamlaka ya kuamua, na akatumia kumbukumbu za baraza lenyewe. Weka nakala ya ripoti yako yenye tarehe na jina la kila kijiji. Watafute waliotumwa kabla yako kwenye kazi hiyo hiyo, uwaulize waliandika nini na kikatokea nini. Soma kanuni za utumishi wenu ujue malalamiko yanapelekwa kwa nani baada ya mkubwa wako, na kwa muda gani. Hayo yote ni uanasheria, hata kama hujavaa joho.

Nakala iliyo hapa nyumbani si ile ya Pangani, hiyo ilikwisha kwa mchwa zamani, lakini maneno ni yale yale. Nitampa mjomba wako akuletee atakapokuja huko, kwa sababu hiyo uliyo nayo umeshaichukia na mtu hamalizi kitabu alichokichukia. Anza upya kwa mjumbe wa nne na usisome kimoyomoyo. Shaaban aliandika kwa kusikia. Sentensi zake zinachosha jicho kabla hazijachosha sikio. Mwombe mwenzako mnayekaa chumba kimoja akusikilize, au umsomee mtoto wa jirani. Ukifika siku ya sita, kabla hujafungua ukurasa wa hukumu, funga kitabu uniandikie: kama mfalme angesema hapana, Karama angefanya nini asubuhi iliyofuata? Mimi nina jibu langu, na bibi yako analo lake, na hatujapatana bado.

Ndimi babu yako,
Tanga